Wifi Wanapogawana Duka: Hesabu ya Haki ya Kumnunua Mbia



Duka la watu wawili hufunguliwa kwa furaha na dua, na mara nyingi hufungwa kwa machozi. Sababu si kwamba mmoja ni mwizi. Ni kwamba siku ya kuagana kila mmoja huja na bei yake kichwani, na hakuna aliyekaa na mwenziwe wakaonyeshana bei hizo zilivyopatikana. Wiki hii tumeona tulitazame jambo hili kwa utulivu: mbia mmoja akitaka kutoka na mwingine akataka kubaki, ni kiasi gani cha haki cha kumlipa anayetoka?

Tutachukua mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Tarakimu tumezitunga wenyewe, lakini mwenye kulijua soko letu ataziona si ngeni. Ni wanawake wawili, mtu na wifi yake, walioanza miaka 6 iliyopita kwa kutoa shilingi 400,000 kila mmoja. Wana duka la leso, madera na mabuibui karibu na Biashara Street, na chumba cha kushonea Kibokoni chenye mashine tatu. Faida wamekubaliana kugawana nusu kwa nusu. Mmoja anabaki, tumwite Bi Mkaaji. Mwingine anamfuata mumewe aliyepata kazi Maskati. Tumwite Bi Mtokaji.

Bi Mkaaji alisema: "Wifi, mimi nitakurudishia laki zako nne ulizotoa, na shukrani juu." Bi Mtokaji akajibu kwamba haki yake haipungui 1,500,000. Kutoka hapo wakaanza kusalimiana kwa ncha za vidole, na mama mkwe akaanza kuulizwa anampenda nani zaidi.

Ukweli ni kwamba wote wawili walikosea. Laki nne ni fedha ya miaka 6 nyuma. Tangu hapo imegeuka vitambaa, mashine, madeni na faida, wala haipo tena kwa sura ile iwezekane kurudishwa. Lau duka lingekuwa limepata hasara, Bi Mkaaji asingekubali kurudisha laki nne kamili, basi haifai kuzirudisha zizo kwa zizo wakati limepata faida. Na milioni moja na nusu ya Bi Mtokaji ilitokana na kuhesabu kila nguo kwa bei anayolipa mteja, akaongeza kilemba cha mlango alichosikia jirani akitajiwa, akakata nusu, na madeni ya duka akayasahau.

Bei ya haki hujengwa kwa vitu vitatu kwa mpangilio huu: mali halisi ya duka baada ya kutoa madeni, kisha historia ya faida, kisha namna madeni yaliyobaki yatakavyobebwa. Tuanze na la kwanza.

Kabla ya kuhesabu chochote, wawekane siku moja ya hesabu, tuseme jioni ya mwisho wa mwezi baada ya kufunga mlango. Kinachopatikana na kinachodaiwa hadi saa hiyo ni cha wote wawili. Kinachoingia kesho yake ni cha anayebaki. Bila siku hiyo, mmoja atahesabu mauzo ya Ramadhani na mwingine atahesabu madeni ya baada ya Idi, na hawatakutana kamwe. Usiku huo bidhaa zihesabiwe kwa mkono, mmoja akitaja na mwingine akiandika, na mtu wa tatu akiwepo.

Bidhaa huthaminiwa kwa bei iliyonunuliwa, si kwa bei ya kuuzia, kwa kuwa faida ya nguo ambayo haijauzwa bado haijapatikana. Na nguo ambayo haitauzika hata kwa bei iliyonunuliwa, huthaminiwa kwa kile itakachopata. Katika duka letu, bidhaa zote zilinunuliwa kwa 1,900,000. Lakini za 400,000 zimelala kabatini zaidi ya mwaka: leso za nakshi zilizopitwa, mabuibui ya mkato usiovaliwa tena. Wote wawili walikubali kwamba zikipata nusu ya bei yake ni bahati. Kwa hiyo bidhaa ni 1,700,000.

Mashine, makabati na kioo huthaminiwa kwa bei ambayo fundi angelipa leo zikiwa zimetumika, wala si ile iliyoandikwa kwenye risiti. Zikawa 180,000. Wateja wanadaiwa 380,000 kwenye daftari, lakini 140,000 kati ya hizo ni za zaidi ya mwaka, na wadeni wengine wamehama. Hizo tutaziweka kando kwa muda, na kuhesabu 240,000 zinazotarajiwa kulipwa. Fedha taslimu, za benki na za M-Pesa ni 150,000. Amana aliyowekewa mwenye nyumba ni 80,000.

Kuna moja zaidi, na ndiyo iliyokuwa imefichika. Mwaka jana Bi Mkaaji alichukua vitambaa vya arusi ya bintiye, thamani yake 100,000, wala hakulipa. Hakuiba, alisema atalipa, kisha ikapita. Lakini kwa daftari hilo ni deni la duka juu yake, na lazima lihesabiwe kama deni jingine lolote. Jumla ya mali ikawa 2,450,000.

Sasa madeni ya duka. Wauzaji wa jumla wanadai 520,000. Benki inadai 450,000 zilizobaki za murabaha waliyonunulia mzigo. Hapa tahadhari moja: usikisie baki la benki kwa kuhesabu risiti zako. Iombeni benki iwaandikie kiasi kinachobaki hadi siku ile ya hesabu, na muulize kama ukilipa mapema kuna punguzo. Kodi ya pango na ujira wa mafundi ambao haujalipwa ni 80,000. Na mwisho, Bi Mtokaji aliwahi kulikopesha duka 150,000 zake mwenyewe wakati wa shida. Fedha hii si mtaji wala haigawanywi. Ni deni la duka kwake, na hulipwa kamili, mbali na bei ya fungu lake. Madeni yote yakawa 1,200,000.

Mali 2,450,000 ukitoa madeni 1,200,000 hubaki 1,250,000. Hiyo ndiyo mali halisi ya duka. Kwa kuwa mitaji yao ilikuwa sawa na faida wamegawana sawa, fungu la kila mmoja ni 625,000. Tumeshapita laki nne za Bi Mkaaji, wala hatujakaribia milioni na nusu ya Bi Mtokaji.

Mngeweza kusimama hapo, na maduka mengi madogo haki yao huishia hapo kweli. Lakini Bi Mtokaji ana swali la haki: "Duka hili linajulikana. Wateja watokao Likoni na Mtwapa hupita maduka kumi wakaja kwetu. Jina hilo halina thamani?" Lina thamani ikiwa tu linaleta faida inayozidi kile ambacho jasho na mtaji vingeleta mahali popote. Hapo ndipo historia ya faida huingia.

Daftari linaonyesha faida ya miaka 3: 620,000, kisha 900,000, kisha 760,000. Usichukue mwaka ulio bora, na usichukue wastani kabla ya kuuliza kila mwaka una nini ndani yake. Ule mwaka wa 900,000 ulikuwa na oda moja kubwa ya sare iliyoleta faida ya 180,000, na mteja yule hakurudi. Kitu kisichotarajiwa kurudi hakiuzwi, kwa hiyo tunakitoa, mwaka ule ukawa 720,000. Wastani wa 620,000, 720,000 na 760,000 ni 700,000 kwa mwaka.

Lakini laki saba hizo si faida bado. Wifi hawa wawili wamefanya kazi miaka yote bila kujilipa ujira. Walikuwa wakichukua faida wakidhani ni faida, kumbe sehemu kubwa ni mshahara wao. Jiulizeni: lau mngeajiri watu wawili mahali penu mngewalipa nini? Bi Mkaaji hukaa dukani kutwa. Mtu wa kazi hiyo tumemkadiria 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka. Bi Mtokaji hukata na kubuni mishono kwa nusu siku. Tumemkadiria 15,000 kwa mwezi, yaani 180,000. Ukitoa 480,000 kwenye 700,000, faida ya kweli ni 220,000.

Hili ndilo kosa tunaloliona kubwa kuliko yote katika maduka ya akina mama. Mtu huuza fungu lake kwa kuzidisha faida ya daftari, na anayenunua hulipa miaka mingi kwa kitu ambacho ni ujira wake mwenyewe. Ananunua jasho lake.

Tena mtaji nao una haki yake. Mali halisi ya 1,250,000 ingewekwa mahali pengine pa halali ingeleta kitu. Wabia wetu walikubaliana kukadiria sehemu moja katika kumi, yaani 125,000 kwa mwaka. Ukiitoa kwenye 220,000 inabaki 95,000. Hicho ndicho kiasi ambacho jina, mahali na mazoea ya wateja huleta kila mwaka juu ya jasho na mtaji. Hicho ndicho kilemba cha duka.

Kizidishwe kwa miaka mingapi? Hapa hakuna hesabu inayotoa jibu. Kuna busara tu. Kwa maduka madogo aghalabu ni mwaka 1 hadi 3, na swali la kujiuliza ni hili: anayetoka akishaondoka, wateja watabaki muda gani? Kama wanakuja kwa sababu ya mkato wa Bi Mtokaji, sehemu ya kilemba inapanda ndege naye kwenda Maskati, wala haiwezi kuuzwa. Kama wanakuja kwa sababu ya mahali na bei, inabaki. Wifi zetu walikubaliana miaka 2, kwa sharti kwamba Bi Mtokaji aache vipimo na mikato yake, na amfundishe fundi kwa mwezi mmoja kabla ya kusafiri. Mara mbili ya 95,000 ni 190,000, na nusu yake ni 95,000.

Na kile kilemba cha mlango alichotajiwa jirani? Hakiongezwi juu ya hiki. Faida inayozidi imeshabeba thamani ya mahali. Ukihesabu vyote viwili umeuza kitu kimoja mara mbili. Isitoshe nyumba si yao. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ni za wakfu au za warithi wengi, na mpangaji hana ukuta wa kuuza. Alicho nacho ni upangaji, ambao kwa maduka sheria ya sura ya 301 huulinda ikiwa hauna maandishi au muda wake hauzidi miaka 5, na mizozo yake husikilizwa na baraza maalumu la kodi za nyumba za biashara. Jambo la kuangalia ni jina lililo kwenye upangaji. Kama ni la Bi Mtokaji peke yake, Bi Mkaaji asilipe hata shilingi kabla mwenye nyumba hajamkubali kwa maandishi, maana anaweza kununua duka akajikuta hana mlango.

Basi bei ya fungu ni 625,000 na 95,000, yaani 720,000. Juu yake ni deni lake la 150,000. Bi Mtokaji anastahiki 870,000.

Zile 140,000 za madeni makongwe tulizoziweka kando zisibishaniwe. Ziandikwe kwenye orodha, na kila itakayolipwa wagawane nusu. Hii pia ni salama zaidi kwa dini, kwani kuuza deni la mtu kwa fedha ni jambo ambalo wanavyuoni wamelitilia masharti. Katika duka letu mali kubwa ni bidhaa. Lakini kama biashara yenu karibu yote ni fedha na madeni, msiuziane fungu kabla ya kumuuliza sheikh.

Sasa madeni ya nje, na hapa ndipo anayetoka huumia bila kujua. Tukumbuke kwamba tulipotoa zile 450,000 za benki, nusu yake, 225,000, ilikatwa kwenye fungu la Bi Mtokaji. Maana yake amekwisha kulipa sehemu yake, na tangu siku ile deni lote ni la Bi Mkaaji. Wao wawili wanalijua hilo. Benki hailijui. Saini ya Bi Mtokaji ingali kwenye karatasi, na alikuwa ameweka rehani hati ya kiwanja cha babake cha Kisauni. Mapatano ya wabia hayamfungi anayewadai; sheria ya ubia humwacha anayetoka akidaiwa madeni ya kabla ya kutoka kwake mpaka mwenye deni akubali kumfungua. Duka likiyumba baada ya mwaka, benki itabisha mlango wa Kisauni, na Bi Mtokaji atalipa mara ya pili kile alichokwisha kukatwa.

Dawa yake ni tatu, na lazima moja ipatikane kabla ya kutia saini: benki imfungue kwa maandishi na kurudisha hati, au deni lilipwe lote kwanza, au Bi Mkaaji aweke dhamana nyingine mahali pa ile. Wauzaji wa jumla nao wapelekewe barua kila mmoja kwamba Bi Mtokaji hayumo tena tangu tarehe fulani, wasije wakakopesha kwa kuamini jina lake.

Likabaki la malipo. Bi Mkaaji ana 300,000 mkononi, zake mwenyewe. Alitaka kumaliza 570,000 zilizobaki kwa awamu za 30,000 kila mwezi, aonekane muungwana. Hesabu ilimkatalia. Duka baada ya ujira wake na wa fundi mpya huacha 220,000 kwa mwaka, ilhali awamu hizo ni 360,000 kwa mwaka, na benki nayo huchukua 25,000 kila mwezi. Bei inaweza kuwa ya haki na bado ikaua duka, na duka likifa anayedai naye hapati.

Wakaona njia hii. Mwaka wa kwanza Bi Mkaaji akusanye zile 240,000 za wateja bila kukopesha upya, na auze zile bidhaa zilizolala apate kama 200,000. Pamoja na faida ya 220,000 ni 660,000. Benki ichukue 300,000, Bi Mtokaji achukue 15,000 kwa mwezi, yaani 180,000, na 180,000 zibaki kama akiba ya mwaka wa pili. Mwaka huo benki inamalizia 150,000 zake, Bi Mtokaji anapata 180,000 nyingine, na duka linapumua. Kwa awamu za 15,000, zile 570,000 huisha kwa miezi 38. Ni ndefu, lakini ni ahadi inayotimizika. Bi Mtokaji angeweza tangu mwanzo kutaka bei ya juu kidogo kwa kuwa anasubiri, ikawa ndiyo bei moja iliyokubaliwa. Lisilofaa ni kuongeza baadaye kwa sababu ya kuchelewa. Hiyo ni riba.

Yote haya yaandikwe. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imewapa nafuu wanaopeana mkono kwa mkono, lakini deni la muda imeamrisha liandikwe na lishuhudiwe, na hili ni deni la miezi 38. Karatasi iwe na tarehe ya hesabu, orodha ya mali na madeni, bei, awamu, na nani anabeba nini. Kisha jina la Bi Mtokaji liondolewe kwenye usajili wa jina la biashara kupitia eCitizen, kwenye akaunti ya benki na kwenye laini ya M-Pesa ya duka. Wengi hudhani wakigombana watakwenda kwa Kadhi. Katiba, kifungu cha 170, imempa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, si mizozo ya ubia. Deni lisilozidi 1,000,000 hupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, na huko kitakachoulizwa kwanza ni ile karatasi.

Lau mali ingekuwa pungufu ya madeni, hesabu ingekuwa hiyo hiyo ikielekea upande wa pili. Hasara hufuata mitaji, na Bi Mtokaji angetoka kwa kulipa, si kwa kulipwa. Na lau angefariki badala ya kusafiri, warithi wake wangestahiki fungu lililohesabiwa vivyo hivyo. Kwa hiyo daftari la duka si la wabia peke yao. Wamo pia watoto ambao bado hawajajua kusoma. Wazee walikwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wifi zetu wa mfano waliagana kwa 870,000, kiasi ambacho hakuna aliyekuja nacho kichwani. Kila mmoja aliweza kumweleza mama mkwe kilivyopatikana, na mama mkwe hakuulizwa tena anampenda nani.

Wabillahi tawfiq.